Nyuso ndogo na zilizolala kwenye picha ya pamoja

"Picha ya harusi hapa Dodoma: mfumo unabadilisha nyuso za mbele tu, za nyuma, na ya mtoto aliyelala begani, unaziruka. Nifanyeje?"

Ndugu, aliyekushauri kuikuza picha nzima amepatia nusu tu, kwa sababu kigunduzi cha nyuso chenye `det_size=(640, 640)` huipunguza picha hadi pikseli 640 kabla ya kuitazama. Hivyo, katika picha yenye upana wa pikseli 4000, uso wa pikseli 80 hubaki na takriban 13, hata ukiikuza mara kumi. Ikate kwanza vipande vya mraba vya pikseli 1000 vinavyoingiliana kwa 200, na uso huohuo utafikia pikseli 51.

Kwa mtoto, zungusha kipande chake kwa digrii 90, 180 na 270, uchague jibu lenye alama ya juu zaidi ya uhakika, kisha urudishe nukta za macho, pua na mdomo kwenye picha ya asili kwa mzunguko wa kinyume. Ukiruka hatua hiyo, uso mpya utabandikwa mahali pasipo na kichwa. Ukungu kwenye nyuso ni jambo jingine, kwani ugunduzi hauongezi undani wa picha. Kama kuzungusha kwa hatua za digrii 30 kunastahili muda wa ziada, sisi wenyewe bado tunabishana.