Kuhama kati ya mifuko ya sekta: lini ukae kwenye keshi

*"Kila mwezi ninanunua mfuko wa sekta ya Marekani wenye nguvu kuliko mingine. Lakini soko likianza kulegea, ninaangalia nini ili nijue ni wakati wa kutoka na kukaa kwenye keshi? Niko Lubumbashi."*

Ndugu, hapo kuna vipimo viwili, na kimoja hakifanyi kazi ya kingine. Nguvu linganishi inakuonyesha nani anawashinda wenzake, haikuonyeshi kama anapanda. Angalia 2008: mifuko yote 9 ya Select Sector SPDR iliyokuwepo ilimaliza mwaka chini. XLP, ule wa bidhaa za matumizi ya kila siku, ndio uliowapita wenzake wote, na bado ulishuka karibu asilimia 15. Aliyeushika alichagua vizuri na pesa ikapungua vilevile.

Mimi pia niko hapa Lubumbashi, na nafanya hivi. Siku ya mwisho ya mwezi New York inapofunga (kwetu saa nne usiku, na saa tano kwao kukiwa baridi), naandika bei za kufunga zilizokwisha kurekebishwa kwa gawio, kila mfuko na safu yake. Kwa mfuko ulio safu B, mwezi huu ukiwa mstari wa 14:

```
=B14/B8-1
=B14>AVERAGE(B5:B14)
```

Mstari wa kwanza ni mwendo wa miezi 6. Huo ndio ninaopangia mifuko, kisha nachukua mitatu ya juu. Mstari wa pili unauliza kama mfuko wenyewe uko juu ya wastani wake wa miezi 10. Ukijibu hapana, theluthi yake ya mtaji inakwenda BIL, yaani mfuko wa dhamana za muda mfupi za hazina ya Marekani. Siendi kutafuta mfuko wa nne kujaza nafasi. Oda naiweka kesho yake soko likifunguka.

Sasa, wengi swali hilo la pili wanaliuliza soko zima badala ya mfuko, na hapo ndipo natofautiana nao. Chukua 2022. S&P 500 ilifunga Februari kwenye 4,374, wastani wake ukiwa kama 4,456: toka. Machi ikafunga 4,530, juu ya wastani wa 4,488: rudi. Aprili ikaanguka hadi 4,132: toka tena. Ndani ya miezi miwili umeuza, umenunua kwa bei ya juu zaidi, na umeuza chini. Na kila ulipotoka ulilazimika kuuza XLE, mfuko wa nishati, ambao mwaka ule ulipanda zaidi ya asilimia 60 huku S&P 500 ikishuka kama asilimia 18, gawio likiwemo. Juni XLE nayo ilipigwa karibu asilimia 17 kwa mwezi mmoja, lakini ilifunga bado iko juu ya wastani wake, kwa hiyo kipimo cha mfuko wenyewe kilikuacha ndani.

Usitegemee kipimo hiki kikukinge na anguko la ghafla. Mwaka 2020 kilele kilikuwa 19 Februari. Mwezi ulipofunga, S&P 500 ilikuwa 2,954, imeshapoteza kama asilimia 13, na ndipo tu iliposhuka chini ya wastani wa miezi 10. Aprili ilikuwa bado chini. Ruhusa ya kurudi ikaja mwisho wa Mei kwenye 3,044. Umeuza 2,954, umenunua 3,044: asilimia 3 imekwenda, ingawa Machi hukuishi na anguko lake. Keshi ya namna hii inasaidia soko linaloshuka polepole kwa miezi mingi, kama 2008.

Jambo moja kwa sisi tunaoishi na shaba: usinunue XLB, mfuko wa malighafi, ukidhani unanunua shaba. Kampuni kubwa kuliko zote ndani yake ni Linde, ya gesi za viwandani. Freeport-McMoRan, ile iliyouza hisa zake za mgodi wa shaba wa Tenke Fungurume 2016, ni sehemu ndogo tu. Bei ya shaba inaweza kupanda na mfuko ule ukalala, na cheo chake kwenye orodha ndicho cha kusikilizwa, si habari za migodi yetu.

Gharama nazo zipime kabla. Gawio la mifuko ya Marekani linakatwa asilimia 30 kwetu, na kila oda ina kamisheni. Ndiyo maana mfuko ulioshuka hadi nafasi ya nne au ya tano siuuzi, mradi uko juu ya wastani wake. Nauuza ukishuka chini ya nafasi ya tano. Kama kamisheni ya broka wako ni ya kiwango kimoja kwa kila oda na mtaji ni mdogo, shika mfuko mmoja au miwili badala ya mitatu, ila kipimo cha wastani usikiguse.