Bwana Hamisi au bwana Hamisi?

"Naandika kadi za harusi hapa Tabora. Ni Bwana Hamisi au bwana Hamisi?"

Andika Bwana Hamisi, au Bw. Hamisi, maana hapo cheo kimeshikana na jina. Anayesema kwamba ni herufi kubwa siku zote amepatia nusu. Bila jina inashuka: "yule bwana amefika", labda iwe mwanzo wa sentensi au unamtaja Mungu. Ni kama tunavyoandika "Mtemi Isike alipigana na Wajerumani", lakini "Isike alikuwa mtemi wa Unyanyembe". Kwenye kadi, angalia "bwana harusi": harusi si jina la mtu, kwa hiyo katikati ya sentensi ni ndogo. Kwa "mzee Hamisi" waandishi hawakubaliani. Mimi naandika Mzee.