Minazi Isiyoonekana Ndiyo Iliyokula Muda Wangu

Nilichora kwa kompyuta nyumba moja ya Mtaa wa India, hapa Bagamoyo: ukuta wa mbele wenye baraza, mlango wa nakshi, na uani minazi iliyojaa makuti. Programu ya kufuatilia miale, inayochora picha kwa kutuma miale kutoka kwenye kamera na kupima inagonga nini, niliiandika mwenyewe. Rafiki yangu alipoijaribu akaniuliza, "Kaka, mbona picha ya mbele, yenye ukuta mtupu, inachelewa kuliko ya nyuma yenye minazi yote?" Nikamjibu kwamba mti wangu wa masanduku hauna kosa. Na kweli haukuwa nalo.

Nianze na mti huo, yaani BVH. Pembetatu zote za mchoro unazifunga ndani ya sanduku moja, unaligawa mara mbili, kila nusu unaigawa tena, mpaka masanduku ya mwisho, yaani majani ya mti, yabaki na pembetatu chache. Mwale ukilikosa sanduku, vyote vilivyomo unaviruka. Kazi ni kuamua pa kukata, na hapo ndipo inapoingia SAH, kanuni ya kukadiria gharama ya kila mkato kwa eneo la uso:

```
C = Ct + (A_L/A_P)*N_L*Ci + (A_R/A_P)*N_R*Ci
```

`A` ni eneo la uso wa sanduku, `N` ni idadi ya pembetatu, `Ct` ni gharama ya kupita kwenye nodi, yaani sanduku moja la mti, na `Ci` ni gharama ya kupima pembetatu moja. `P` ni sanduku kubwa linalokatwa, `L` na `R` ni nusu zake za kushoto na kulia. Wazo lake ni kwamba mwale ulioingia sanduku kubwa una uwezekano wa kugusa sanduku dogo lililomo ndani yake kwa uwiano wa maeneo ya nyuso zao. Si ujazo, ni uso.

Chukua ukuta wa mbele pamoja na baraza: sanduku la mita 10 kwa 2 kwa 2, eneo la uso 88. Lina pembetatu 1,000. Mlango uko mwisho wa kushoto, na nakshi zake zimekusanya pembetatu 900 ndani ya mita moja tu. Zile 100 zimetawanyika sawasawa kwenye mita 9 zilizobaki. `Ct` tuiache, maana ni ileile popote utakapokata, na `Ci` iwe 1.

Ukigawa kwa idadi, 500 huku na 500 kule, unaupasua mlango katikati: maeneo ni 12 na 84, gharama kama 545. Ukikata katikati ya urefu, maeneo ni 48 na 48, na gharama ni ileile 545! Ukikata pembeni mwa mlango, maeneo ni 16 na 80:

```
16/88*900 + 80/88*100 = 254.5
```

Haifiki hata nusu. Huhitaji kujaribu kila mahali pa kukata. Mimi hugawa kila mhimili mafungu 16, naweka pembetatu kwa kitovu chake, kisha napima mipaka 15.

Sasa turudi kwa rafiki yangu. SAH inachukulia kwamba miale inatoka mbali, pande zote, na hakuna kitu kinachoizuia njiani. Haijui kwamba ukuta unaificha minazi. Kujua nani yuko mbele ya nani ni kazi ya msimbo unaoupita mti, na wangu ulikuwa unaanza na mtoto wa kushoto, yaani nusu ya kwanza ya sanduku, siku zote. Kwenye mti ule, kushoto kulikuwa uani. Kwa hiyo kila mwale wa picha ya mbele ulikwenda kwanza kupekua makuti, ukapata kuti fulani umbali wa mita 14, kisha ndipo ukaja kugundua ukuta umbali wa mita 4. Kazi yote ile ya makuti ikatupwa. Kwa picha ya nyuma, kushoto kwanza kulikuwa ndiyo mpangilio sahihi, kwa bahati tu.

Dalili ndiyo hiyo: zungusha kamera upande wa pili, muda ukibadilika kinyume na unavyotarajia, hesabu nodi zinazotembelewa na kila mwale.

Dawa ni kupima umbali wa kuingia kwenye watoto wote wawili, ukaanza na wa karibu, na wa mbali ukamweka kwenye rundo pamoja na umbali wake. Ukipata mgongano, `tMax`, yaani umbali wa mgongano wa karibu zaidi uliokwisha kupatikana, inashuka. Watu wengi hufika hapo wakasahau kupima tena wakati wa kutoa:

```
e = stack[--top];
if (e.tNear >= tMax) continue;
```

Bila mstari wa pili, uani uliowekwa rundoni kabla ukuta haujapatikana utapekuliwa bure. Lakini usisimame kwa sababu tu umepata mgongano kwenye sanduku la karibu. Masanduku ya BVH huingiliana, na la mbali linaweza kuwa na kuti lililotangulia mbele ya ukuta. Linarukwa tu pale linapoanzia nyuma ya `tMax`.

Miale ya kivuli niliiandikia msimbo wake. Yenyewe haitafuti kilicho karibu zaidi, inauliza tu kama jua limezibwa, kwa hiyo kuti la kwanza linatosha, hata likiwa la mbali.