Mvuvi peke yake baharini: katikati ya filamu panapopwaya

SWALI: Naandika filamu ya mvuvi wa Kigamboni, mashine ya boti imezimika na mkondo unamchukua. Mwanzo uko vizuri, katikati panachosha. Nimemfanya aongee peke yake tujue anawaza nini, bado panapwaya. Nirekebishe wapi?

JIBU: Anza kwa kufuta hayo maongezi, ndugu yangu. Mtu aliye peke yake tunamsoma mikononi, hasa pale mikono inaposita.

Tazama All Is Lost ya J.C. Chandor (2013). Robert Redford yuko peke yake mwanzo hadi mwisho, na hasemi ila maneno machache. Kontena linaloelea Bahari ya Hindi limetoboa ubavu wa boti yake. Hakimbilii kuziba tundu. Kwanza analifunga kontena nanga ya kitambaa, ile inayokamata maji, ili ivute mpaka linasuke. Kisha anageuza mwelekeo boti ilalie upande wa pili, tundu lipungue kuingiza maji. Ndipo anaziba, ndipo anafua maji kwa pampu ya mkono. Na redio imeshalowa chumvi. Hakuna aliyetueleza chochote, ila kila mara tunaujua mpango wake kabla hatujajua kama utafaulu. Hapo ndipo mtazamaji anaposhikwa.

Sasa mvuvi wako. Mpe turubai moja tu. Juani ni kivuli, upepo ukivuma ni tanga, mvua ikija ndilo la kukingia maji. Haliwezi kuwa vyote kwa wakati mmoja. Mchana wa pili amelitweka kama tanga, mgongo unaungua, dumu limebaki maji ya kufunika kitako. Wingu linatokea upande wa mashariki. Analitazama wingu, anaitazama kamba ya tanga, mkono unaishika kamba na kutulia. Usikate hapo. Akishusha tanga, anapoteza mwendo. Asiposhusha, huenda akakosa maji. Akishusha na wingu likapita bila tone, umepata ukurasa mzima bila neno hata moja, na shida mpya imezaliwa ndani ya ile ya kwanza.

Muziki uuweke mbali katika picha hizo. Cast Away (2000) haina muziki muda wote Tom Hanks akiwa kisiwani. Unasikia upepo na mawimbi tu. Na ule mpira wa voliboli anaoongea nao unafanya kazi kwa sababu anagombana nao, hautumiki kutusimulia habari.

Jambo moja la jiografia, maana watazamaji wa Dar watakukamata. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, na kati ya Dar na Unguja boti za abiria hupita kila siku. Ama mpeleke mashariki ya Unguja, ama ziache zipite. Redford anapitwa na meli mbili za makontena, anawasha fataki za dharura, hakuna anayemwona.