Kiti chekundu kiwe bluu bila kurenda upya

"Nikigeuza rangi ya kiti kwa barakoa ya Cryptomatte, mng'ao wake nao unakuwa bluu. Halafu nikiongeza ukungu kwa Depth, kingo zinaota menomeno. Natumia Cycles."

Mkuu, usiguse Combined. Badilisha DiffCol peke yake, ndani ya barakoa ya kiti, kisha ijenge picha upya:

```
(DiffDir + DiffInd) * DiffCol
+ (GlossDir + GlossInd) * GlossCol
+ Emit + Env
```

Kama kuna kioo, pasi za Trans zinaingia kwa mtindo uleule. Mng'ao umo kwenye Gloss, kwa hiyo hautaguswa. Kabla ya kugeuza rangi yoyote, toa picha uliyoijenga kwenye Combined: ikibaki nyeusi tii, uko sawa, kitu kikionekana, kuna pasi umeisahau. (Kama uliondoa chenga, linganisha na Noisy Image, la sivyo utatafuta kosa lisilokuwepo.)

Menomeno yanatokana na Depth yenyewe. Kila pikseli inabeba umbali mmoja tu, hata pale ukingoni ambapo nusu ni kiti na nusu ni ukuta. Tumia Mist, ambayo kingo zake zimelainishwa, na ukungu uuweke mwisho kabisa, baada ya rangi.

Kitakachokusumbua ni sakafu. Wekundu uliodunda kutoka kwenye kiti umo ndani ya DiffInd ya sakafu, na barakoa ya kiti haifiki huko. Ukiwa hafifu, punguza ukolezi wa DiffInd hapo kwa barakoa ya kuchora. Ukiwa mkali, renda upya tu.