Mgomo baridi baada ya bosi kipenzi kuondoka: anzia kwenye vocha

"Wakuu, nimekabidhiwa timu hapa Dar, aliyenitangulia alikuwa anapendwa mno. Hakuna anayenipinga, kila nikisema naitikiwa 'sawa bosi', ila kazi haiendi. Nianzie wapi?"

Mkuu, kabla hujawaza mambo ya kupendwa, tafuta aliyeondoka aliahidi nini kwa mdomo. Mara nyingi watu hawakugomei wewe. Kuna kitu walikuwa wanakipata, kimekatika siku alipoondoka, na sura iliyopo ofisini ni yako.

Mimi nilipewa bohari ya usambazaji Vingunguti: madereva, matingo, wapakiaji na karani wa ankara. Mzee aliyekuwepo walimwita Baba, na hawakuwa wanatania. Enzi zake magari yalipakiwa jioni, alfajiri yanatoka kabla foleni ya Tazara haijafunga. Nilipoingia mimi, yakawa yanatoka saa mbili asubuhi, na gari la Mbagala linarudi na nusu ya mzigo. Hakuna aliyekataa agizo. Saa kumi na moja kamili jioni wapakiaji wanavua ovaroli, wanaaga kwa adabu zote, wanaondoka. Ukiuliza unajibiwa muda wa kazi umeisha, na kweli umeisha.

Hiyo ndiyo dalili ya kuitazama. Mvivu hukwepa hata kazi ya saa za kawaida. Aliyegoma kimyakimya anafanya kilichoandikwa tu, hagusi cha ziada, na matatizo yanakufikia yakiwa yameshaoza.

Nilimwomba karani anitolee faili la vocha za fedha ndogondogo, za miezi ya nyuma. Karibu kila siku ya kazi kulikuwa na vocha ya "nauli", shilingi 10,000 kwa kila mpakiaji, majina yaleyale, sahihi ya Baba chini. Halafu zinakatika ghafla. Mhasibu alikuwa amezizuia Baba alipoondoka, kwa sababu hazikuwa na kibali chochote cha maandishi. Boharini ikasemwa bosi mpya kabana. Ningefanya vikao vya kujenga umoja mpaka leo, pesa ile isingerudi.

Nikampigia Baba mwenyewe. Usimuulize "hawa watu wakoje", atakupa sifa tupu. Muulize, "Mzee, nani ulimwahidi nini?" Alinitajia bila kusita: hiyo nauli, mama mmoja anayewahi kutoka Jumatano kumpeleka mtoto kliniki, na dereva aliyeambiwa atakuwa msimamizi.

La mama lilikuwa jepesi, nililiandika kwenye ratiba siku hiyohiyo. Nauli ndiyo ilihitaji hesabu. Kisheria ile ilikuwa kazi ya saa za ziada iliyovalishwa jina la nauli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Za ziada lazima mkubaliane, zisizidi 50 ndani ya wiki nne, na kila saa ilipwe angalau mara moja na nusu. Chukua mpakiaji wa mshahara wa msingi 312,000. Gawa kwa saa 195 za mwezi, unapata 1,600, kwa hiyo saa ya ziada ni 2,400. Kupakia kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili usiku ni saa tatu, yaani 7,200. Ni pungufu ya ile elfu kumi, na wao watakuwa wa kwanza kuliona hilo. Tena jioni sita kwa wiki zinafika saa 72 kwa wiki nne, umeshavuka kikomo.

Tukagawana zamu mbili, kila mtu jioni tatu kwa wiki, saa 36. Pengo la nauli tukalijibu kwa gari la kampuni kuwashusha Buguruni na Gongo la Mboto wakimaliza. Kabla ya kulitangaza nilikaa na mpakiaji mkongwe ambaye wenzake wanamwita Mjomba, nikamwekea hesabu mezani ikiwa na upungufu wake wote. Yeye ndiye aliyewaeleza wenzake, na alieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Magari yakarudi kutoka alfajiri.

La usimamizi nilikataa, nafasi haikuwepo. Nilimwita yule dereva peke yake nikamwambia wazi. Alininunia mpaka alipoomba uhamisho, na sidhani kama kuna lugha tamu ambayo ingembadilisha. Wengine utawakosa.

Na kama wana grupu la Wasapu na Baba bado yumo, liache. Usiombe kuingizwa.

Ukishakubaliana nao, mwezi wa kwanza nenda kwa mhasibu kabla mishahara haijaingia, uangalie kwa macho yako kama saa za ziada zimo kwenye hati ya malipo ya kila mmoja. Zikikosekana mwezi huo, mara ya pili hawatakusikiliza.