Kichujio cha siku 200: kinazuia nini na hakizuii nini

Kuna swali ninaloulizwa sana na wanaoanza kuandika mikakati yao ya biashara ya hisa: je, niweke kichujio cha hali ya soko, yaani sharti linalozuia ununuzi soko likiwa baya, na kama nikiweka, nitumie wastani wa bei za kufunga za siku 200 zilizopita au kiwango cha kuyumba kwa bei? Mimi hutumia wastani, na napendekeza uutumie. Ila kabla hujauweka, pitia biashara moja moja uone unakulinda wapi na unakuacha wapi. Kipindi kizuri cha kupitia ni Februari na Machi 2020.

Chukua mkakati rahisi wa kununua bei ikishuka, kwenye fahirisi ya S&P 500 ya Marekani. Ikifunga chini siku tatu mfululizo, unanunua. Ikifunga juu ya wastani wake wa siku 5, unauza. Mkakati wa namna hii hupata faida ndogo ndogo mara nyingi, halafu soko likigeuka kweli unapigwa pigo moja kubwa, maana unanunua mporomoko ukidhani ni mteremko wa kawaida. Ndiyo sababu unawekewa sharti la ziada: usinunue kama fahirisi iko chini ya wastani wake wa siku 200.

Fahirisi ilifikia kilele tarehe 19 Februari 2020 ikiwa 3,386. Ikashuka tarehe 20, ikashuka 21, na Jumatatu ya tarehe 24 ikafunga 3,225.89. Siku tatu zimetimia, mkakati unanunua. Wastani wa siku 200 wakati huo ulikuwa karibu 3,050, kwa hiyo kichujio kiliruhusu kabisa. Siku tatu baadaye, tarehe 27, fahirisi ilifunga 2,978.76. Umeshapoteza asilimia 7.7, na ndiyo kwanza kichujio kinazima ununuzi.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kichujio, kwa kuwa walitarajia kiwaokoe na pigo la kwanza. Hakiwezi. Soko likianza kuanguka kutoka kileleni, bei huwa bado iko juu sana ya wastani mrefu, na biashara ya kwanza ya mporomoko itapita tu. Hasara hiyo ihesabu mapema kwa kupanga ukubwa wa mtaji unaoingiza kwa kila biashara.

Swali linalofuata ni gumu zaidi: kichujio kikizima huku una hisa mkononi, unaziuza au unaziacha? Ukiuza papo hapo tarehe 27, hasara ni ile asilimia 7.7. Ukiacha kanuni ya kawaida ya kutoka ifanye kazi yake, unauza tarehe 2 Machi kwa 3,090.23, ambayo ni hasara ya asilimia 4.2. Kwa mikakati ya kununua mteremko mimi hukitumia kichujio kuzuia ununuzi mpya tu, kwa sababu kinazima mara nyingi siku ileile bei imechoka kushuka na iko karibu kuruka kidogo. Kwa mkakati unaofuata mwelekeo ningefanya kinyume, ningeuza. Vyovyote utakavyochagua, kiandike kwenye kanuni kabla ya siku hiyo kufika.

Sasa tazama kilichozuiwa. Fahirisi ilishuka tena tarehe 5, 6 na 9 Machi, ikafunga 2,746.56. Bila kichujio ungenunua hapo. Tarehe 13 ilikosa kidogo sana kufunga juu ya wastani wake wa siku 5, kwa hiyo ungebaki ndani. Tarehe 16 ilifunga 2,386, na tarehe 23 ilifika chini kabisa, 2,237.40. Hapo uko chini kwa asilimia 18.5, na ungetoka siku iliyofuata kwa 2,447.33 ukiwa umepoteza karibu asilimia 11. Hii ndiyo biashara ambayo kichujio kilikuwepo kwa ajili yake.

Lakini mwanzoni mwa Machi kulikuwa na kero nyingine. Ukiangalia kichujio kila siku, tarehe 2 kinawasha, tarehe 3 kinazima, tarehe 4 kinawasha, tarehe 5 kinazima. Wengi huweka nafasi ya asilimia 2 juu na chini ya wastani ili kutuliza hali hii. Hata hiyo isingetosha siku ile ya tarehe 4, maana fahirisi ilifunga 3,130. Mimi huangalia mara moja tu, siku ya mwisho ya biashara ya mwezi. Mwisho wa Februari fahirisi ilifunga 2,954, chini ya wastani, ununuzi ukazimwa. Mwisho wa Machi na Aprili bado. Mwisho wa Mei ilifunga 3,044, juu ya wastani, ununuzi ukawashwa. Mara moja kuzima, mara moja kuwasha. Kwetu Afrika Mashariki soko la New York hufunga saa tano usiku, au saa sita miezi yao ya baridi, na kuangalia mara moja kwa mwezi kunakuruhusu kulala.

Vipi kuhusu VIX, kipimo cha kuyumba kwa bei kinachotarajiwa? Kinawahi kweli. Tarehe 24 Februari kilifunga 25, kwa hiyo anayezima kikizidi 20 angekwepa hata ile biashara ya kwanza. Gharama yake iko mbele. VIX haikufunga chini ya 20 tena hadi Februari 2021, na wakati huo S&P 500 ilikuwa imetoka 2,237 hadi zaidi ya 3,900. Mkakati wa kununua mteremko unaishi kwa kuyumba huko, na wewe ungekuwa umeuzima karibu mwaka mzima. Ukipandisha kiwango hadi 30, ununuzi wa tarehe 24 unapita kama kawaida, na faida ya kuwahi imeondoka.

Ukiandika jaribio lako la data za nyuma, hakikisha kichujio hakioni bei ya kufunga ya leo kabla ya kuruhusu biashara ya leo:

```python
sma = close.rolling(200).mean()
washa = (close > sma).shift(1)
```

Ile `shift(1)` ikisahaulika, matokeo yatapendeza kuliko uhalisia. Mfano wangu hapo juu unanunua kwa bei ileile ya kufunga ili hesabu ieleweke. Kwa pesa halisi tumia bei ya siku inayofuata.

Na usipoteze usiku ukitafuta kama 187 ni bora kuliko 200. Jaribu 150, 200 na 250. Zikitoa picha moja, chukua 200 uendelee. Matokeo yakitofautiana sana kwa mabadiliko madogo hivyo, ujue unapima bahati, kwa kuwa mianguko mikubwa ya kujifunzia tangu 2000 ni michache: ule wa 2000 hadi 2002, wa 2008, wa 2020 na wa 2022.

Ninachosisitiza zaidi ni daftari la pili. Kichujio kikizima, endelea kuandika biashara ambazo mkakati ungefanya: tarehe, bei ya kuingia, bei ya kutoka, na ilishuka kiasi gani katikati. Zitenganishe na biashara halisi. Jumla ya daftari hilo ikiwa hasara, kichujio kinafanya kazi yake. Ikiwa ni faida mwaka hadi mwaka, hata baada ya anguko kubwa kupita, kiondoe upunguze ukubwa wa biashara badala yake.